Murajaa inayozunguka: kisa cha kurasa 18 zilizopotea katikati

Jamaa ninayemzungumzia ni mtu mzima, ana kazi yake ya mchana, anahifadhi Qurani kwa msahafu wa Madina, ule wa kurasa 604 wenye mistari 15 kila ukurasa. Alianzia nyuma kama wengi wanavyoanza, juzuu 30 mpaka 26, halafu akarudi mbele akaanza Baqara. Siku aliyokuja kulalamika alikuwa amefika ukurasa wa 44, yaani ameshamaliza juzuu ya 1 na ya 2 na ameingia ya 3. Jumla yake ni kurasa 147 hivi kichwani, na spidi yake ni nusu ukurasa kwa siku, siku sita kwa wiki, Ijumaa hachukui mpya. Hiyo inampa kurasa 3 kwa wiki, spidi ya kawaida tu kwa mtu mwenye majukumu.

Lalamiko lake lilikuwa hivi: "Za zamani ninazo, za juzi ninazo, lakini nikiambiwa nianze Sayaqulu naanguka." Sayaqulu ndo mwanzo wa juzuu ya 2, ukurasa wa 22. Na alikuwa anashangaa kweli, maana simu yake imejaa alamu za murajaa, yaani za kurudia alichokwisha kuhifadhi, haijapita siku haijamlilia.

Sasa mimi kazi yangu hapo ilikuwa kumsikiliza, lakini kabla ya kumsikiliza nikamwambia alete simu tuangalie hizo alamu zenyewe zinasema nini, kwasababu mtu akisema ana mpango wa murajaa mara nyingi ana mpango wa kulia kwa simu, hayo ni mambo mawili tofauti.

Alamu zake zilikuwa tatu. Alfajiri: "Hifdhi mpya". Magharibi: "Murajaa, kurasa 5 za mwisho". Na Jumamosi asubuhi: juzuu moja nzima, wiki hii 26, wiki ijayo 27, na kuendelea, kila juzuu anayoimaliza anaiongeza mwishoni mwa foleni ya Jumamosi. Ukiutazama juu juu ni mpango mzuri kabisa, una mpya, una wa karibuni, una wa zamani, na unazunguka. Hata mimi ningeambiwa kwa mdomo tu ningesema sawa.

Shida inaonekana ukichukua ukurasa mmoja ukaufuata safari yake. Chukua huo wa 22. Siku alipouhifadhi ukaingia kwenye kurasa 5 za mwisho, ukawa unasomwa kila magharibi, safi. Alipomaliza ukurasa wa 27, ule wa 22 ukasukumwa nje ya kundi la tano, na kwa spidi ya kurasa 3 kwa wiki hiyo ni chini ya wiki mbili tangu auhifadhi. Ukatoka kwenda wapi? Hakuna popote. Foleni ya Jumamosi inapokea juzuu iliyokamilika tu, na juzuu ya 2 inaishia ukurasa wa 41, kwahiyo ukurasa wa 22 ulikaa nje unasubiri wenzake 19 wamalize kuhifadhiwa. Mpaka siku anakuja kwangu ulikuwa na wiki tano na ushee haujaguswa. Halafu juzuu ya 2 ndo kwanza imeongezwa mkiani mwa foleni, nyuma ya 26, 27, 28, 29, 30 na 1, ingeweza kusubiri wiki sita nyingine. Yaani ukurasa ambao una wiki mbili tu kichwani unaachwa karibu miezi mitatu. Haubaki huo.

Na siyo 22 peke yake. Kundi la karibuni lilikuwa 40 mpaka 44, foleni ya Jumamosi haijaifikia juzuu ya 2, kwahiyo kila kitu kuanzia 22 hadi 39 kilikuwa kimeangukia shimoni. Kurasa 18. Na hakuna alamu hata moja iliyokosea, zote zimelia kwa wakati na yeye karibu zote amezitii.

Hili ndo ninalotaka watu waliangalie kwenye mipango yao. Wengi wanahangaika kuuliza wapitie kurasa ngapi za zamani kwa siku, au alamu ilie saa ngapi, wakati penye kuvuja ni kwenye mlango kati ya kundi la karibuni na kundi la zamani. Ukurasa ukitoka huku lazima uwe umeshaingia kule. Siyo utaingia juzuu ikiisha, siyo utaingia nikikumbuka.

Nikamsikiliza sasa. Sikumwanzisha mwanzo wa ukurasa, maana kila mtu anajua mwanzo wa ukurasa, jicho limezoea kuanzia pale juu kulia na siku zote somo jipya alilianzia pale. Namsomea mstari wa katikati halafu anaendelea, na namwacha avuke kwenda ukurasa unaofuata bila kusimama, kwasababu pale kwenye kugeuza ndo pabovu kuliko kote. Alikuwa anafika mwisho wa ukurasa vizuri kabisa halafu kimya, neno la kwanza la ukurasa wa pili haliji, nikimpa neno moja anatiririka tena mpaka chini. Hiyo ni dalili ya mtu aliyehifadhi vipande badala ya kuhifadhi mfululizo, na inatibika kwa kitu kidogo sana: kila unapoanza kurudia, anzia mistari miwili ya mwisho ya ukurasa uliotangulia.

Ukurasa wa 37 ndo ulinipa picha kamili. Pale kuna aya mbili zinazofuatana za Baqara, ya 231 na ya 232, zote zinaanza "waidha tallaqtumun nisaa fabalaghna ajalahunna", neno kwa neno. Ya kwanza inaendelea "faamsikuhunna", ya pili inaendelea "fala taadhuluhunna". Yeye akaanza ya 231 akaruka moja kwa moja kwenye "fala taadhuluhunna", akamaliza aya ya 232 akaendelea zake kwa raha, hajui kwamba ameacha aya nzima nyuma na tena ndefu. Akageuza ukurasa wa 38 na 39, kule kuna aya ya 234 na ya 240, zote zinaanza "walladhina yutawaffauna minkum wayadharuna azwaja", moja ndani yake ina "bilmaaruf" nyingine ina "min maaruf", akazibadilisha. Haya makosa ya aya zinazofanana hayasikiki masikioni mwa anayesoma, ndo ubaya wake. Kukwama unakujua, unasimama unatafuta, unafungua msahafu. Kuruka hukujui, unamaliza ukidhani umemaliza salama, na kila ukirudia peke yako unazidi kulikazia kosa.

Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa mbali na hapo. Nikamwambia asome suratu Talaq, juzuu ya 28, ukurasa wa 558, sura ambayo alikuwa ananisomea zamani bila tatizo. Aya ya pili ya Talaq inasema "faamsikuhunna bimaarufin au faariquuhunna bimaaruf". Yeye akasoma "au sarrihuuhunna bimaaruf". Hiyo "sarrihuuhunna" ni ya Baqara 231, ile aliyoihifadhi wiki chache tu nyuma! Yaani kipya kimeenda kuharibu cha zamani ambacho kilikuwa kizima. Na kwa foleni yake ya Jumamosi asingejua mpaka zamu ya juzuu ya 28 ifike, huku Talaq anaisoma kwenye swala na kosa linazama.

Kwahiyo ukiniuliza kwanini mpya na zamani zichanganywe kila siku badala ya kutengewa siku zake, jibu la watu wengi ni kusahau, kwamba usipopitia unasahau, na ni kweli, mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alishapima hilo tangu 1885 kwa kujihifadhisha silabi zisizo na maana, akaona upoteaji mkubwa unatokea mapema halafu unapungua kasi. Ila kwenye maandiko marefu yenye kurudiarudia kuna sababu ya pili ambayo kwangu ina uzito uleule: kipya kinagombana na cha zamani, na ugomvi huo lazima uugundue mapema, wiki mbili tatu, siyo baada ya miezi. Mtu anayesema "mwezi huu nakazana na mpya tu, mwezi ujao nitarudia" anaacha ugomvi ukomae.

Basi tukapanga upya. Kwanza tukasimamisha mpya. Alinuna kidogo, lakini huwezi kujenga juu ya shimo la kurasa 18. Akachukua kurasa 3 kwa siku za hilo shimo, msahafu mkononi mwanzoni halafu umefungwa, siku sita zikaisha zote 18, wiki iliyofuata akazirudia tena zote kwa kasi zaidi. Aya zile za 231 na 232 alizisoma kwa kuzipambanisha, anasema kwa sauti kabisa "ya kwanza amsikuhunna, ya pili taadhuluhunna", na Talaq pembeni yake, "huku sarrihuu, kule faariquu". Wengine wanadharau hiki kitu lakini kwa aya zinazofanana hakuna dawa nyingine ninayoijua, ukizihifadhi kila moja kwake bila kuzikutanisha zitakuja kukutana zenyewe siku usiyotaka.

Baada ya hapo tukaweka makundi matatu. Mpya, nusu ukurasa kama zamani. Karibu, kurasa 20 za mwisho, sasa hivi 25 mpaka 44, anasoma 5 kwa siku kwahiyo kila ukurasa unarudi baada ya siku 4. Zamani, zilizobaki zote, kurasa 10 kwa siku. Muda tulipiga hivi: ukurasa ulioiva unachukua kama dakika mbili kwa kasi ya murajaa, wa karibuni unachukua zaidi, tuseme tatu. Za zamani dakika 20 na kitu, za karibu robo saa, mpya nusu saa. Saa moja na dakika kidogo. Alikuwa nazo, ila siyo kwa kikao kimoja, na hilo halina shida, za zamani hasa zinagawanyika vizuri, 5 mchana na 5 usiku, na nyingine anazisomea kwenye sunna, ambako huna pa kuchungulia.

Halafu mlango. Hapa ndo tulikaa muda. Wazo ni kwamba ukurasa uingie kundi la zamani kabla haujatoka kundi la karibu, ukae kote kuwili kwa muda, na muda huo utoshe mzunguko mmoja mzima wa zamani, ili popote foleni ya zamani ilipo, lazima iupitie huo ukurasa angalau mara moja wakati bado karibu inaushika. Mzunguko wa zamani ukiwa siku 14 na wewe unahifadhi kurasa 3 kwa wiki, ndani ya siku 14 unaongeza kurasa 6. Basi kurasa 6 za nyuma kabisa za kundi la karibu ziwe pia kwenye orodha ya zamani. Kwake yeye ni 25 mpaka 30. Orodha ya zamani ikawa 502 hadi 604, kisha 1 hadi 30, jumla 133, kwa kurasa 10 kwa siku ni siku 13 na kipande, ndo hizo 14. Hesabu imejifunga yenyewe.

Namba 20 ya kundi la karibu siyo takatifu, kuna wanaofanya juzuu nzima kila siku na kuna wanaofanya kurasa 10. Mimi nisingeenda chini ya hapo kwa mtu wa nusu ukurasa kwa siku. Ile tano yake ilikuwa kidogo mno.

Kitu cha pili tulichobadilisha ni maneno ya alamu, na hapa najua kuna watu watasema ni kitu kidogo. Alamu ya zamani ilisema "Jumamosi, juzuu 27". Jumamosi akiwa msibani au harusini, juzuu 27 imepita hiyo, Jumamosi ijayo alamu inasema 28, na 27 itasubiri mzunguko mzima mwingine. Kwa foleni ya juzuu 7 maana yake wiki 14 bila kuguswa. Alamu iliyofungwa kwenye tarehe inaruka kitu kila unapokosa, na watu wote wanakosa. Kwahiyo alamu mpya haitaji ukurasa wala tarehe, inasema tu "Zamani: endelea ulipoishia, kurasa 5, msahafu umefungwa", kila siku maneno yaleyale, na pale ulipoishia pameandikwa kwenye kidaftari. Ukikosa siku hakuna kilichorukwa, mzunguko umekuwa mrefu kwa siku moja, basi. Na usilipe deni kwa kusoma 20 kesho yake, maana ukisoma 20 kwa haraka ili umalize utasoma kwa macho.

Hayo maneno "msahafu umefungwa" tuliyaweka makusudi. Alipoandika "murajaa" peke yake alikuwa anafungua msahafu anapitisha macho, anasikia utamu, anaona yote anayajua, kumbe ni jicho linajua. Kurudia ni kutoa kichwani, ukikwama unasubiri kidogo unajitahidi, ukishindwa unafungua unaangalia unafunga, unaweka alama ya penseli pale ulipokwama. Alama tatu kwenye ukurasa mmoja, huo ukurasa unarudishwa kundi la karibu kama mgeni mpaka usomeke safi mara mbili.

Kidaftari chake baada ya wiki ya kwanza ya kurudi kwenye mpya kilikuwa hivi, mistari mitatu tu:

Mpya: 48 juu
Karibu: 28–47, nimeishia 37
Zamani: 502–604 + 1–33, nimeishia 548

Ijumaa, siku isiyo na mpya, anafanya usafi: anasogeza karibu mbele kurasa 3, anaongeza 3 kwenye orodha ya zamani. Angalia 28 mpaka 33, ziko kwenye mistari yote miwili, ndo zile 6. Hiyo kazi inachukua dakika moja na ndiyo kazi muhimu kuliko alamu zote, kwasababu ndo inayofunga mlango.

Wanaopenda spredishiti kuliko kidaftari, wanaweza kuandika kurasa zote za zamani kwenye safu A moja chini ya nyingine bila kichwa cha habari, kwenye B1 waweke namba ya mstari waliomalizia, halafu hii inawapa mstari wa kuanzia leo, na ukiongeza kurasa chini ya safu inajirekebisha yenyewe:

```
=MOD(B1,COUNTA(A:A))+1
```

Mzunguko wa kwanza haukwenda siku 14, nisiwadanganye, ulikwenda zaidi ya wiki tatu. Juzuu ya 26 ilikuwa na hali mbaya kuliko alivyodhani, Ahqaf hasa, alama za penseli kila ukurasa, na sheria ya alama tatu ikawa inarudisha kurasa nyingi kundi la karibu mpaka likavimba. Tukaweka kikomo: kurasa zilizorudishwa zisizidi 5 kwa wakati mmoja, zikizidi mpya inasimama mpaka zishuke. Ilisimama mara kadhaa. Hapa watu wanaona kama wanarudi nyuma, ila ukiwa na mpango wa zamani wa Jumamosi hizo kurasa zilikuwa vilevile mbovu, tofauti ni kwamba hazikuwa zinaonekana.

Mzunguko wa pili ndo ulikaa sawa, na Talaq ilipofika ikapita vizuri, "faariquuhunna" mahali pake. Kuna jambo jingine nililoliona hapo ambalo silisikii sana likisemwa. Zamani alikuwa anasoma juzuu nzima kwa kikao, anaanza na mwanzo wa juzuu kila mara, kwahiyo kurasa za mwisho wa juzuu zilikuwa siku zote zinasomwa amechoka, na ndizo zilizokuwa dhaifu. Sasa kwasababu anaanzia alipoishia, na orodha haigawanyiki sawasawa kwa 10, kila mzunguko anaanzia mahali tofauti, ukurasa uliosomwa mwishoni mwa kikao safari hii, safari ijayo unaangukia mwanzoni. Hatukulipanga hilo, lilikuja lenyewe, ila ningekuwa natengeneza mpango kuanzia sifuri ningehakikisha lipo.

Akaugua homa siku kama nne hivi, hakusoma kitu. Kwa zamani hamna tatizo, mzunguko wa 14 umekuwa 18. Kwa karibu ndo kuna tatizo, maana kurasa changa hazivumilii, kwahiyo aliporudi hakuchukua mpya mpaka alipomaliza mzunguko mmoja wa karibu, siku 4 nyingine. Huo ndo utaratibu anaoutumia kila akirudi safari au akizidiwa na kazi.

Kuna kitu mpango huu hauwezi kufanya. Hauwezi kusikia. Makosa ya kuruka kama lile la ukurasa wa 37 yatapita chini ya pua ya alamu zote, ukurasa utawekewa alama kuwa safi na kumbe una aya pungufu. Kwahiyo kila mzunguko kuna sehemu lazima isikilizwe na mtu mwingine aliyeshika msahafu, na asiyekuwa na mtu ajirekodi kwa simu halafu asikilize akifuatisha kwa kidole. Yeye ananisomea mara moja kwa wiki, ninachagua mimi ukurasa wa wapi, na napenda kuchagua zile zilizotoka kundi la karibu wiki hiyohiyo.

Swali lililobaki ni la kukua. Orodha ya zamani inaongezeka kurasa 3 kila wiki lakini kurasa 10 za kila siku haziongezeki zenyewe. Ikifika kurasa 200, ambayo kwa spidi hii ni miezi mitano hivi mbele, mzunguko utakuwa siku 20. Ikifika 400 ni siku 40, na hapo tutakuwa tunatengeneza lile shimo upya kwa jina lingine. Watu huwa wanaliacha swali hili mpaka liwabane, na linapowabana wanajikuta na juzuu 15 nusu mbovu. Lazima kitu kimoja kitoe: ama uongeze muda wa kila siku, ama mzunguko urefuke, ama mpya ipungue. Kwenye Bukhari kuna hadithi ya Abdullah bin Amri, aliambiwa aisome Qurani kwa mwezi, akasema anaweza zaidi, akashushiwa mpaka siku saba, kwahiyo mwezi mmoja kwa aliyemaliza yote ni kiwango kinachoeleweka, kurasa 20 kwa siku. Ila kwa ambaye bado anaongeza mpya mimi naona mwezi ni mrefu, kwasababu ya ule ugomvi wa kipya na cha zamani.

Yeye amejiwekea dari ya siku 20. Orodha ikifika 200 ataongeza kurasa za zamani kutoka 10 kwenda 12 kwa siku, hizo 2 anasema atazipata kwenye swala, na zikifika 240 muda wake umeisha kabisa, kwahiyo kuanzia hapo mpya inashuka kutoka siku sita kwa wiki kwenda nne, yaani kurasa 2 kwa wiki, mpaka apate muda mwingine wa kuongeza huku zamani. Kwa mzunguko wa siku 20 na kurasa 3 kwa wiki ile sehemu ya kukaa kote kuwili ingepanda iwe 9 hivi, lakini akishuka kwenye 2 kwa wiki inarudi kuwa 6, kwahiyo Ijumaa mstari wa karibu na mstari wa zamani vitaendelea kuingiliana kwa kurasa zilezile sita.